Gramu 450 kila mara: kisa cha mizani ya bekari moja Nakuru

Kisa hiki ni cha bekari ndogo iliyo katika mtaa mmoja wa Nakuru. Majina nimeyaondoa, mtaa nimeuficha, na baadhi ya mambo yasiyohusu mizani nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike. Namba za vipimo ni zile nilizoandika kwenye daftari langu siku niliyoitwa. Mimi ni fundi wa mizani.

Usuli

Mwenye bekari, ambaye nitamwita Mama tu, anaoka mikate ya aina mbili: ya gramu 400 na ya gramu 800. Ana tanuri moja, vijana wawili, na wateja wengi wao wakiwa wenye hoteli ndogo na maduka ya rejareja. Kila siku hukandwa mikando miwili. Mkando mmoja ni paketi sita za unga wa ngano za kilo mbili mbili, maji yanayopimwa kwa jagi, kisha sukari, mafuta, chumvi na hamira. Ukijumlisha yote unapata kilo 20 na kidogo za unga uliokandwa.

Mkate ukiokwa hupoteza maji. Kwa tanuri la Mama, mkate mdogo hupoteza kama asilimia 11 ya uzito wake hadi upoe, ndiyo maana kila donge hukatwa gramu 450 ili mkate utoke na 400. Mkate mkubwa hupoteza kidogo chini ya hapo, karibu asilimia 10, kwa kuwa ganda lake ni dogo ukilinganisha na mwili wake. Donge lake hukatwa gramu 890.

Kwenye meza ya kukatia kulikuwa na mizani mbili. Moja ni kuukuu, ya springi, yenye uso wa duara na mshale, iliyogawanywa kwa alama za gramu 20. Nyingine ni ya kidijitali, mizani ya kawaida ya jikoni inayoonyesha gramu moja moja. Ile ya springi ilikuwa imesukumwa pembeni ikiwa imebeba kopo la chumvi, na vijana waliiita mzee. Kila mtu aliamini ile ya kidijitali, na sababu waliyonipa ilikuwa moja: ukiweka kitu kile kile mara kumi, inakwambia namba ile ile mara kumi.

Yaliyotokea

Mwezi wa tano mwenye hoteli mmoja alirudisha mikate minne. Alikuwa ameipima kwenye duka la jirani yake, kwa mizani ya mawe, na hakuna hata mmoja uliofika gramu 400. Alipofika bekari alisema kwa adabu, lakini mbele ya wateja wengine: "Mama, mkate wako siku hizi ni mwepesi."

Mama hakukasirika. Alifanya kile ambacho mtu yeyote makini angefanya. Alichukua mikate kumi iliyokwisha kupoa, akaipima mmoja mmoja mbele ya mteja kwenye mizani yake ya kidijitali. Ikasoma 400, 401, 399, 400, na kuendelea hivyo. Kumi yote ilikaa ndani ya gramu tatu. Akamwambia, "Baba, wewe mwenyewe umeona. Hiyo mizani ya duka ndiyo imezeeka."

Mteja aliondoka na mikate yake, lakini kesho yake hakuagiza. Wiki hiyo wawili zaidi wakalalamika.

Hapo Mama akaamua kuongeza. Aliwaambia vijana wakate donge la gramu 475 badala ya 450, na la mkate mkubwa 915 badala ya 890. Gramu 25 kwa kila donge, bila kujali ukubwa. Aliniambia baadaye kwamba hakuamini kuna kosa, alitaka tu maneno yaishe. Na kwa mikate midogo maneno yaliisha kweli. Lakini baada ya siku kadhaa mwenye duka mmoja alipima mikate mikubwa akapata gramu 778. Mama akanipigia simu.

Nilichofanya, na kwa nini nilianza hapo

Nilifika asubuhi, kukiwa na baridi na upepo unaoshuka kutoka Menengai, tanuri likiwa limewashwa muda si mrefu. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda dukani kuazima mawe. Mizani ya duka lile ni ya mkono, yenye sahani mbili, na ina mhuri wa wakaguzi wa Mizani na Vipimo. Nilichukua jiwe la gramu 200, la gramu 500 na la kilo moja. Sikutaka kupima mkate wala donge, kwa sababu hakuna mtu katika ule mzozo aliyejua uzito wa kweli wa mkate wowote. Ukitaka kujua kama mtu anasema kweli, muulize jambo ambalo jibu lake tayari unalo.

Mizani ya kidijitali ikiwa tupu ilisoma sifuri. Nikaweka jiwe la gramu 500 mara kumi, nikiliondoa kila mara na kuliweka upya, mara katikati ya sahani, mara pembeni. Ilisoma 529 mara nane na 530 mara mbili.

Nikaondoa kopo la chumvi, nikafanya hivyo hivyo kwenye mzee. Ilisoma 490, 510, 500, 480, 500, 520, 500, 510, 490, 520. Ukizijumlisha na kugawanya kwa kumi unapata 502.

Kijana mkubwa wa bekari, anayekata madonge, aliangalia karatasi yangu akacheka. Alisema, "Fundi, hii ya mshale haijui hata inachosema." Nikamwambia aangalie tena safu ya kwanza. Akanyamaza. Mizani aliyoiamini ilikuwa imekosea kwa gramu 29 kila mara, bila kutetereka, na ile aliyoidharau ilikuwa inapepesuka huku na huku lakini ikizunguka ukweli.

Kisha nikaweka mawe mengine kwenye ile ya kidijitali. Jiwe la 200 lilisoma 212. La kilo moja lilisoma 1058. Hapo ndipo kisa kilipofunguka, kwa sababu kosa lilikuwa linakua na mzigo. Kama mizani ingekuwa imeongeza kiasi kimoja tu, tuseme gramu 29 kwa kila kitu, ingeonyesha 29 hata ikiwa tupu, na mtu angeona mara moja. Hii ilikuwa inaongeza karibu gramu 6 kwa kila gramu 100. Kwa sahani tupu, asilimia sita ya sifuri ni sifuri. Kitufe cha `TARE` kilikuwa kikibonyezwa kila asubuhi na kila asubuhi skrini ilionyesha sifuri safi.

Sasa kila kitu kikaeleweka. Skrini iliposema 450, donge lilikuwa na gramu 425. Likiokwa lilitoka na gramu 378. Na mkate wa gramu 378 ukiwekwa juu ya mizani ile ile inayoongeza asilimia sita, husoma 400. Mama alipowapimia wateja mbele ya macho yao, alikuwa amemwita shahidi yule yule aliyetoa ushahidi wa kwanza.

Nyongeza yake ya gramu 25 nayo ilieleweka. Kwa mkate mdogo ilitosha kwa bahati: skrini ikisoma 475, donge ni gramu 449. Lakini kwa mkate mkubwa kosa lilikuwa karibu mara mbili, gramu 50 hivi, na nyongeza ilikuwa ile ile. Skrini ikisoma 915, donge ni gramu 865, na ukiondoa asilimia 10 ya tanuri unapata zile 778 za mwenye duka.

Chanzo

Mume wa Mama alikuwa na maelezo yake. Alisema mizani imetoka ng'ambo, na huku kwetu juu vitu vina uzito mwingine. Nilimsikiliza, maana si upuuzi. Mizani ya springi au ya kidijitali hupima nguvu ambayo dunia inavutia kitu, na nguvu hiyo ni ndogo kidogo karibu na ikweta na mahali pa juu. Nakuru iko karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi. Mizani iliyorekebishwa Ulaya ya kati ikiletwa hapa bila kurekebishwa upya itasoma kilo moja ya kweli kama gramu 996 au 997. Lakini hapo kuna mambo mawili yanayokataa. Kosa hilo ni la gramu tatu au nne kwa kilo, nasi tulikuwa na gramu 58. Pia linaelekea upande mwingine: lingefanya mizani isome pungufu, na mkate utoke mzito kuliko ilivyokusudiwa. Wateja wangefurahi. (Mizani ya mawe haina shida hii kabisa, kwa sababu jiwe na mzigo huvutwa sawasawa popote utakapoipeleka.)

Nikauliza kama kuna mtu aliyewahi kugusa vitufe. Kimya. Nikaomba daftari la uzalishaji, ambalo Mama huliandika vizuri kuliko watu wengi ninaowajua. Idadi ya mikate midogo kwa kila mkando ilikuwa 44, 45, 44, 44 tangu mwaka uanze. Halafu, siku moja ya mwezi wa tatu, ikawa 47. Na kesho yake 47, na 48, na haikurudi tena hadi Mama alipoanza kuongeza gramu 25. Unga ni paketi sita zile zile, maji ni jagi lile lile.

Nilipoweka kidole kwenye tarehe hiyo, kijana mdogo akasema polepole kwamba huenda ni yeye. Alikuwa anafuta mizani kwa kitambaa, akabana kitufe kwa muda, skrini ikaandika `CAL` kisha ikaanza kumetameta `1000`. Akazima, akawasha, ikaendelea vile vile. Akaelewa kwamba inadai kilo moja. Alikumbuka kutoka shuleni kwamba lita ni kilo. Mezani kulikuwa na chupa mpya ya mafuta ya kupikia ya lita moja. Akaiweka. Skrini ikaandika `PASS`, na kazi ikaendelea.

Lita moja ya maji ni kilo moja, ndiyo, karibu kabisa. Lakini mafuta huelea juu ya maji, na kinachoelea ni chepesi. Tulichukua chupa kama ile, haijafunguliwa, tukaipeleka dukani kwenye mizani ya mawe: gramu 945, pamoja na chupa yenyewe. Mizani iliambiwa kwamba gramu 945 ni 1000, ikaamini, na tangu siku hiyo ikazidisha kila kitu kwa kiwango hicho. Gawanya 1000 kwa 945 utapata 1.058, ile ile iliyoonekana kwenye jiwe la kilo.

Sikumlaumu. Skrini ilimwambia amefaulu.

Maamuzi na matokeo

Tulibana kitufe kile kile hadi `CAL` ikatokea, tukasubiri sahani ikiwa tupu na imetulia, tukaweka jiwe la kilo moja la duka. Baadaye jiwe la 500 lilisoma 500 mara saba na 499 mara tatu, na la 200 lilisoma 200. Nilisisitiza kupima kwa mawe mengine ambayo hatukuyatumia kurekebishia. Ukirekebisha kwa jiwe la kilo kisha ukahakiki kwa jiwe hilo hilo la kilo, hujahakiki kitu.

Mama alinunua jiwe lake la gramu 500, la chuma. Kila asubuhi kabla ya kukata, kijana huliweka na kuandika namba kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Wakipata kati ya 498 na 502 wanaendelea. Wakipata nje ya hapo wanasimama.

Mikate ilirudi 44 kwa mkando. Hili lilimuuma Mama kuliko malalamiko yote, maana kwa miezi miwili alikuwa amemsifu kijana wa kukata kwa kutopoteza unga. Ile mikate mitatu ya ziada ilikuwa imetoka kwenye mikate mingine 44. Wateja wawili kati ya watatu walirudi. Yule wa kwanza hakurudi hadi ninapoandika.

Uchambuzi

Tatizo moja liko kwenye lugha yetu ya kila siku. Tunasema mizani "iko sawa" tukimaanisha mambo mawili tofauti. Moja ni uthabiti: ukipima kitu kile kile tena na tena, majibu yanakaa pamoja. Jingine ni usahihi: majibu yanakaa karibu na ukweli. Mtu aliye mbele ya mizani moja anauona uthabiti kwa macho yake, lakini usahihi hauoni kabisa mpaka aletewe kitu cha nje ambacho uzito wake unajulikana.

Kijana mkubwa aliuelewa kwa njia yake. Jioni hucheza vishale kwenye klabu, na akaniambia kuna jamaa pale ambaye hulenga 20 kileleni mwa ubao na kila mara vishale vyake vitatu vinasongamana kwenye 1, iliyo mkono wa kulia wa 20. Anapata alama 3. Mwingine anatupa ovyo, kimoja 20, kimoja 5, kimoja 12, anapata 37. Nikamuuliza angependa kumfundisha nani. Akafikiri kidogo, akasema yule wa kwanza, kwa sababu "huyo ukimwambia asogeze mguu tu, zote zinaingia."

Ndivyo ilivyokuwa kwa mizani. Ile ya kidijitali ilikuwa mbaya zaidi siku niliyofika, lakini ilitengenezwa kwa dakika tano, kwa sababu kosa lake lilikuwa moja na lilijirudia. Ile ya springi huwezi kuirekebisha kwa jiwe lolote. Dawa yake pekee ni kupima mara nyingi na kuchukua wastani, na hakuna mkata donge atakayepima kila donge mara kumi. Kupima mara nyingi, kwa upande wake, kusingeisaidia kitu ile ya kidijitali: wastani wa 529 mara elfu ni 529. Mama alipopima mikate kumi alidhani ameongeza ushahidi, kumbe alirudia ule mmoja.

Ningeirudisha mzee kazini? Hapana, na sababu ni ya pesa. Kuuza mkate ulio pungufu ya uzito ulioandikwa ni kosa kisheria, kwa hiyo mwoka mikate hulenga juu kidogo ya kiwango ili hata donge dogo kabisa lisishuke chini. Kwa mizani inayotawanya majibu gramu 20 huku na huku, Mama angelazimika kulenga kama 470 ili awe salama, na wateja wengi wangekula gramu 20 za bure. Kwa ile ya kidijitali iliyorekebishwa, analenga 455, ikitosha kufidia mkono wa mkataji na upande wa tanuri unaokausha zaidi.

Kilichofanya kosa lidumu miezi miwili ni kwamba mkate wenyewe ulikuwa mzuri. Unga ulitoka kwenye paketi, maji kwenye jagi. Ni sukari, chumvi na hamira tu zilizopita kwenye mizani, zikapungua kwa sehemu ndogo ambayo ulimi hauihisi. Kama unga nao ungepimwa pale huku maji yakibaki ya jagi, unga ungelainika na kunata mikononi, na vijana wangegundua siku ile ile.

Dalili ilikuwepo, lakini kwenye daftari, na daftari lilisomwa kama habari njema. Mkando una kilo 20. Ukigawanya kwa madonge ya gramu 450 huwezi kupata mikate 47, haijalishi mkataji ana mkono mzuri kiasi gani. Idadi ya mikate ilikuwa mizani ya tatu ndani ya ile bekari, isiyo na skrini wala mshale, na kitufe cha `CAL` hakikuifikia.

Kuhusu uamuzi wa Mama wa kuongeza gramu 25 bila kujua chanzo, sitamhukumu kwa ukali. Kwa mikate midogo ulifanya kazi. Ulichokosa ni swali moja: je, kosa ni lile lile kwa kitu kidogo na kikubwa? Mawe mawili tofauti yangelijibu kabla ya kukata donge hata moja. Mimi mwenyewe nimewahi kuondoka kwa mteja baada ya kuhakiki mizani kwa jiwe moja tu, nikaitwa tena wiki iliyofuata.

Jambo moja bado halijatatuliwa. Mizani ya jikoni haipigwi mhuri wa biashara, kwa hiyo Mama anaweza kuitumia kukatia madonge lakini hawezi kuitoa kama hoja mbele ya mteja. Sasa kukitokea ubishi, mkate hupelekwa dukani kwenye mawe, na mwenye duka ameanza kulalamika kwamba mizani yake imejaa makombo.